Ipi bora kati ya hizi mbili? Kisa cha betri zilizopangwa kabla ya swali kukamilika

Majina, mahali na alama za kumtambulisha mteja nimeviondoa. Hesabu za betri ni zilezile tulizofanyia kazi.

## Usuli

Mteja alikuwa taasisi ya mafunzo yenye jengo lenye ghorofa moja ya juu. Umeme wa gridi upo, ila hukatika. Unapokatika, inveta huwasha vifaa vya mtandao, kompyuta chache za ofisi na taa za korido kwa kutumia betri. Betri za zamani zilikuwa zimekwisha, zikizima ndani ya dakika kumi. Mimi ni mhandisi wa umeme wa kujitegemea. Siuzi betri, na niliitwa kutoa ushauri tu.

Ombi lilikuja kwenye simu, likiwa na picha za nukuu mbili za bei: "Mhandisi, habari za kazi. Tumepata hizi mbili, za kawaida na za lithiamu. Tupangie ya kwanza na ya pili, tunahitaji kabla ya Ijumaa."

Nukuu ya kwanza ilikuwa ya betri kavu nne za risasi, kila moja ya volti 12 na ampea-saa 200, zifungwe mfululizo zitoe volti 48. Ya pili ilikuwa ya betri moja ya lithiamu, ya aina ya fosfeti ya chuma, volti 51.2 na ampea-saa 100. Nitaziita Risasi na Lithiamu. Gharama ya Lithiamu ilikuwa karibu mara mbili ya Risasi.

Aliyeandika ujumbe ni ofisa manunuzi. Hakusema betri zitafanya kazi gani, zitakaa wapi, wala taasisi inajali nini. Alitaka namba moja na namba mbili.

## Rasimu niliyokaribia kuituma

Nilifanya kile ambacho nadhani wengi wa fani yangu wangefanya: nikachora jedwali. Nilipata mistari kumi na moja: uzito, ukubwa, nafasi inayochukua, idadi ya mara za kuchaji na kutumia, kina cha kutumia, kasi ya kuchaji, upotevu wakati wa kuchaji, bei, urahisi wa kuipata, kuzoeleka kwa mafundi, ustahimilivu wa chaja duni. Kila mstari nikaweka alama kwa aliyeshinda. Lithiamu ikapata saba, Risasi nne.

Kilichonizuia kubonyeza kitufe ni mistari mitatu ya kwanza. Uzito, ukubwa na nafasi ni jambo moja lililovaa nguo tatu: lithiamu hubeba nishati nyingi katika umbo dogo. Nilikuwa nimempa mshindani mmoja pointi tatu kwa sifa moja. Kasi ya kuchaji na upotevu wakati wa kuchaji navyo ni ndugu wa karibu. Kama ningekuwa na mapenzi na risasi, ningeweza vilevile kuandika "bei ya leo", "gharama ya kubadilisha chaja" na "mtaji unaofungwa", nikaigeuza hesabu. Jedwali lile lilikuwa linapima mpangilio wa mawazo yangu usiku ule. Betri zenyewe hazikuwamo.

Kuna jambo jingine lililojificha ndani yake. Kwenye karatasi, Risasi ina kilowati-saa 9.6, yaani uniti tisa na nusu hivi. Lithiamu ina 5.12. Mtu asiyejua angesema Risasi ni karibu mara mbili. Lakini betri ya risasi ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara inakufa mapema, kwa hiyo unahesabu nusu tu: uniti 4.8. Lithiamu unaweza kuishusha hadi asilimia kumi bila wasiwasi, kwa hiyo unapata uniti 4.6. Ukiondoa makaratasi, zinakaribia kulingana. Mstari ambao mteja angeutazama kwanza haukuwa na tofauti ya maana.

## Swali baya

Asubuhi nilimpigia ofisa. Nikauliza swali ambalo vitabu vingi vinashauri: "Vigezo vyenu ni vipi?"

Akajibu bila kusita. "Ubora, bei nafuu, idumu, na isisumbue kwenye matengenezo."

Nikamuuliza kipi kati ya hivyo ni muhimu zaidi. "Mhandisi, vyote. Bora ni bora tu."

Sikumlaumu, kwa sababu swali lilikuwa bovu. Hakuna mtu anayetaka betri mbaya, ghali, ya kufa haraka na yenye kusumbua. Ukimuuliza mtu anathamini nini bila kumwonyesha atapoteza nini, atakutajia kila kitu chema anachokijua. Angalia hili la matengenezo: alilitaja kwa mkazo, na ni kweli lilikuwa muhimu kwao, kwa sababu betri za zamani zilikuwa za maji na fundi alikuwa akisahau kuziongeza. Ila Risasi ya safari hii ilikuwa kavu, imezibwa, haiongezwi maji. Lithiamu nayo haiongezwi. Ningempa kigezo hicho asilimia arobaini ya uzito wote, kisingemsogeza mshindani yeyote hata hatua moja.

Hapo ndipo nilipobadilisha namna ya kuuliza. Nikaacha kutafuta sifa zenye thamani kwao, nikaanza kutafuta *pengo* lipi kati ya betri hizi mbili lingewafanya wabadili uamuzi.

## Maswali yaliyozaa majibu

Nilimwomba ofisa aniunganishe na watu wawili zaidi: mkurugenzi, ambaye ndiye anayeidhinisha malipo, na fundi wa jengo, ambaye ndiye atakayeishi na betri hizo. Kila mwamba ngozi huvutia kwake, na nilitaka kuona ngozi inavutwa pande ngapi.

Kwa ofisa niliuliza: "Tuseme mwaka mmoja umepita na mnasema tulikosea. Mtakuwa mnalalamikia nini?" Akacheka kidogo, kisha akasema ukweli: angeogopa kuulizwa na wakaguzi kwa nini hakuchukua ya bei ya chini, na yeye hana sababu iliyoandikwa. Kumbe kigezo chake kikubwa kilikuwa karatasi ya kujitetea. Si kigezo cha betri, lakini ni cha kweli, na kiliamua ripoti yangu iandikweje.

Kwa mkurugenzi niliuliza swali la kubadilishana: "Mkilipa kiasi cha nukuu ya kwanza leo, na kiasi hichohicho tena baada ya miaka sita, au mlipe mara mbili na nusu leo na msahau kwa miaka kumi na zaidi, mnachukua lipi?" Nilisema mbili na nusu kwa sababu chaja iliyomo kwenye inveta yao ilikuwa ya betri za risasi pekee. Lithiamu ingedai chaja mpya. Nukuu ya muuzaji haikuwa na mstari huo. Mkurugenzi alijibu kwamba fungu la mwaka huu lisingefika huko bila kukata kitu kingine, lakini kama ile ya bei ya chini itakufa baada ya miaka mitatu, basi afadhali akate hicho kitu kingine. Jibu hilo moja lilinipa zaidi ya orodha yote ya ofisa, kwa sababu lilikuwa na mpaka ndani yake: miaka mitatu hapana, sita sawa.

Kwa fundi niliuliza mambo ya kushikika. Umeme hukatika mara ngapi? Mara mbili au tatu kwa mwezi. Kwa muda gani? Mara nyingi chini ya saa mbili. Mrefu kuliko wote anaoukumbuka ulikuwa wa saa sita. Vifaa vinakula kiasi gani? Alikuwa na mita ya kubana waya, tukapima pamoja kwa simu: wati 600 hivi. Betri zitakaa wapi?

"Juu, mzee. Kwenye stoo chini ya bati. Ndiko zilikokuwa hata hizi za zamani."

Nikamwomba aache kipimajoto humo hadi saa nane mchana. Kikasoma nyuzi 36.

## Namna majibu yalivyopanga betri

Kwanza tulifuta kisichopanga. Wati 600 kwa saa sita ni uniti 3.6, na betri zote mbili zinatoa zaidi ya hapo. Zikishafaulu zote, uwezo unatoka mezani. Matengenezo yakatoka kwa sababu niliyokwisha kuieleza. Kasi ya kuchaji ikatoka pia: umeme ukirudi baada ya saa mbili, una siku kumi za kujaza betri kabla haujakatika tena.

Idadi ya mara za kutumia ilikuwa fahari ya muuzaji wa Lithiamu. Karatasi ya mtengenezaji ilisema mara 6,000. Ya Risasi ilisema mara 600 kwa kina cha nusu. Mara kumi zaidi, na kwa macho ya kawaida mchezo umekwisha. Lakini taasisi hii hutumia betri mara thelathini kwa mwaka, tena si kwa kina cha nusu: kukatika kwa saa mbili ni uniti 1.2 tu. Kwa mwendo huo ingechukua miaka ishirini kumaliza mara 600, na betri ya risasi itakuwa imezeeka na kufa zamani sana kwa sababu ya umri. Pengo kubwa la kwenye karatasi liligeuka sifuri kwenye matumizi yao.

Kilichobaki ni viwili: gharama na joto. Na joto ndilo lililoshika usukani.

Betri ya risasi inayokaa imechajiwa muda wote huzeeka kwa kutu ya bamba la chanya na kwa kukauka polepole, na vyote viwili huenda kasi zaidi kwenye joto. Kanuni ya mkono ambayo mafundi huitumia ni kwamba kila nyuzi kumi za ziada hupunguza umri kwa nusu. Risasi hii ilikadiriwa miaka sita kwenye nyuzi 25. Kwenye stoo ya bati ningeipa mitatu. Lithiamu nayo huumia kwa joto, ila si kwa ukali huo.

Sasa hesabu ya miaka kumi na miwili, tukiita bei ya Risasi moja. Ghorofa ya chini, kwenye chumba kinachokaa nyuzi 25: seti mbili za Risasi, gharama mbili, dhidi ya Lithiamu mbili na nusu. Risasi mbele, na malipo yamegawanyika. Juu chini ya bati: seti nne za Risasi, gharama nne, dhidi ya mbili na nusu. Lithiamu mbele kwa mbali, na miaka mitatu ndiyo ile ambayo mkurugenzi alisema hapana.

Kwa hiyo betri zilezile, nukuu zilezile, zilipangwa kwa namna mbili kutegemea mlango upi utafunguliwa.

## Uamuzi

Nilituma ripoti ya ukurasa mmoja. Haikusema "Risasi ni bora". Ilisema: kwa matumizi ya dharura, mara mbili au tatu kwa mwezi, na betri zikiwekwa chini kwenye chumba chenye hewa, Risasi ya kwanza na Lithiamu ya pili. Zikibaki stoo ya juu, mpangilio unageuka.

Niliongeza mpaka wa pili. Mara 600 ukizigawa kwa miaka sita unapata mia moja kwa mwaka, yaani nane kwa mwezi. Wakianza kushusha betri hadi nusu zaidi ya mara nane kwa mwezi, matumizi yatakuwa yanaua betri kabla ya umri, na ulinganisho urudiwe. Ofisa alifurahi zaidi na sehemu hii kuliko na jibu lenyewe, kwa kuwa mkaguzi akiuliza, sababu ipo na masharti yake yapo.

Walichagua Risasi, wakaziweka chini. Uzito uliwasaidia kukubali: betri nne zilikuwa na karibu kilo 240 kwa jumla, na fundi hakuwa na hamu ya kuzipandisha ngazi.

## Kilichotokea

Miezi kumi na moja kila kitu kilienda sawa. Kisha taasisi ikafunga kwa likizo ya wiki saba. Mlinzi, kwa nia njema kabisa, alizima swichi kuu ya jengo akihofia moto. Inveta ikaona umeme umekatika, ikafanya kazi yake. Vifaa vya mtandao vilikula betri siku hiyohiyo mpaka inveta ikajizima yenyewe, na betri zikakaa tupu wiki zote zilizobaki.

Betri ya risasi ikikaa tupu, salfeti ya risasi kwenye mabamba huganda na kuwa fuwele ngumu zisizorudi kirahisi. Waliporejea walichaji kwa siku mbili. Nilimwomba fundi aziachanishe, azipumzishe usiku kucha na kupima kila moja peke yake. Tatu zilisoma kati ya volti 12.6 na 12.7. Ya nne ilisoma 10.5. Namba hiyo inajieleza: betri ya volti 12 ina seli sita za volti 2.1 kila moja, na 10.5 ni seli tano. Moja ilikuwa imekufa.

Iliwekwa mpya pamoja na tatu za zamani, jambo nisilolipenda, kwa sababu kwenye mfululizo mkondo ni mmoja kwa wote na zenye umri tofauti huchajika kwa viwango tofauti. Lakini kununua nne kwa kosa la moja kusingekubalika.

## Uchambuzi

Kosa la likizo ni langu. Niliuliza umeme wa gridi hukatika mara ngapi, sikuuliza ni lini *ninyi* mnaukata. Nilikuwa nimemweka mbele fundi anayejua siku za kazi, na mlinzi anayejua siku zisizo za kazi hakuwahi kuingia kwenye mazungumzo. Nimejiuliza kama jibu lake lingegeuza mpangilio. Nadhani hapana. Lithiamu ina kinga ya ndani inayokata ikishuka sana, ingeweza kuvumilia wiki saba vizuri zaidi, lakini Risasi nayo ingevuka salama kama mtu angezima swichi ya betri zikiwa zimejaa. Yaani kuna vigezo vinavyobadili nani wa kwanza, na kuna vinavyobadili maelekezo yanayoambatana na wa kwanza. Nilitafuta vya aina ya kwanza kwa bidii hadi nikasahau kwamba vya aina ya pili navyo vinaua betri.

Kilichofanya kazi ni kuuliza kuhusu pengo. Uzito wa kigezo hauwezi kuulizwa peke yake. Unaulizwa pamoja na umbali uliopo kati ya vitu viwili kwenye kigezo hicho. "Je, kudumu ni muhimu?" haina jibu. "Je, miaka mitatu dhidi ya sita inatosha kukufanya ukate fungu jingine?" inalo, na mkurugenzi alilitoa kwa sentensi moja. Swali la majuto nalo lilisaidia, ila kwa namna nisiyoitarajia: lilitoa hofu ya mtu, si sifa ya kitu. Bado ninalitumia.

Kuwauliza watatu badala ya mmoja kulichelewesha ripoti siku mbili, ikapita Ijumaa. Ofisa alinuna. Sijui namna ya kuepuka hilo, kwani kipimajoto kwenye stoo kisingesomwa na yeye.

Mwaka 1772 Joseph Priestley, mwanasayansi Mwingereza, alimwomba Benjamin Franklin, mwanasayansi na mwanasiasa wa Marekani, ushauri juu ya uamuzi mgumu. Franklin alimjibu kwamba kwa kukosa taarifa za kutosha hawezi kumwambia aamue nini, ila anaweza kumwambia aamue vipi: aandike sababu za pande mbili, kisha afute zile zinazolingana uzito. Kufuta huko ndiko kulikotuokoa hapa. Vigezo vyote vilivyokuwa mezani vilibaki viwili. Ila Franklin alimpa Priestley njia akamwachia kazi. Mteja aliyelipia ushauri hawezi kuachiwa karatasi tupu, kwa hiyo unamuuliza, kisha unapanga, na unasema wazi ni kipi kikibadilika mpangilio unavunjika.

Si kila ombi linahitaji mzunguko huu. Kama Lithiamu ingekuwa nafuu kuliko Risasi na chaja yao ingeikubali, maswali yote yangekuwa kupoteza muda wa watu: ingeshinda kila mahali, na ungejibu kwa neno moja. Maswali yanastahili pale tu ambapo kila upande una mahali unaposhinda.

Nilipita pale mara ya mwisho kubadilisha feni ya chumba. Ukutani juu ya betri kulikuwa na ukurasa wangu, umebandikwa kwa gundi ya karatasi, na chini yake fundi ameongeza mistari miwili kwa kalamu nene: "Likizo: zima swichi hii KWANZA", na mshale. Pembeni alikuwa anapiga vijiti kila betri inaposhuka hadi nusu, mwezi kwa mwezi. Miezi mingi ilikuwa mitupu au na kijiti kimoja. Mwezi uliopita vilikuwa sita. Walikuwa wameongeza darasa la jioni.